Lupu ya kukata mkanda wa wotamaki kwa skrinshoti 412: mbona zingine zinabaki na kipande?

#1 mdosi_wa_stoki
Niaje wasee. Natengeneza kitabu kidogo cha kufunza wenye maduka vile watatumia programu ya stoki, na wafanyakazi wangu 3 wamenipigia skrinshoti na simu zao wakitumia apu moja ya majaribio ambayo inabandika mkanda wa rangi ya chungwa chini kabisa ya kila picha na jina lake. Kulipia tumelipia, lakini picha za kwanza zilikuwa zishapigwa na apu haiwezi kuzirudia. Ziko 412. Kwa Ubuntu nilifungua moja na GIMP nikaweka mshale pale mkanda unaanza, ikasoma 2304. Picha ina urefu wa 2400, so mkanda ni pikseli 96. Nikaandika hii ya ImageMagick:

```
for f in *; do
  convert "$f" -crop 1080x2304+0+0 "../safi/$f"
done
```

Nyingi zimetoka vipoa sana. Lakini kuna zingine bado ziko na kipande cha chungwa chini, zingine mkanda wote uko palepale ni kama lupu iliziruka, na chache zimekatwa upande wa kulia hadi kitufe cha kuuza hakionekani. Komandi ni moja, folda ni moja. Shida ni nini?

#2 Kaptein_Umoja
Fungua galari ya simu, gusa kuediti, vuta kona. Unasumbua kompyuta na kitu ya sekunde 5.

#3 mdosi_wa_stoki
#2 sekunde 5 mara 412 buda, na kidole hakiwezi vuta mahali pamoja mara 412, kwa kitabu zitaonekana zimepindapinda.

#4 nyanya_ya_teminali
Kabla mtu yeyote akukisie, wewe mwenyewe hujui una saizi ngapi kwa hiyo folda. Uliza:

```
identify -format '%wx%h\n' * | sort | uniq -c
```

Bandika hapa kile itasema.

#5 wakili_bila_kofia
Samahani kuingilia lakini hii ya kutoa wotamaki za watu si ni wizi? Mpiga picha ameweka jina lake ndio alipwe, wewe unakata. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 iko wazi kuhusu kazi za wenyewe.

#6 mdosi_wa_stoki
#5 hakuna mpiga picha hapa, ni skrini ya programu yangu, kwa simu ya mfanyakazi wangu, na apu nimelipia. Soma #1 pole pole.

#4 asante mathe, imesema hivi:

```
     61 1080x2340
    287 1080x2400
      9 2400x1080
     38 720x1600
     17 738x1600
```

#7 nyanya_ya_teminali
Basi umejijibu. Chukua hesabu yako ya `1080x2304+0+0` uipeleke kwa kila saizi. Hiyo komandi haisemi "toa 96 chini", inasema "anza juu kushoto ubakishe 2304". Kwa zile 287 ni kitu kimoja. Kwa zile 61 za 2340, ukibakisha 2304 umetoa 36 peke yake, na mkanda ni 96, so imebaki 60. Hicho ndicho kipande chako cha chungwa. Zile za urefu wa 1600 hazifikii hata hiyo 2304, hakuna cha kukatwa, zinatoka vile ziliingia. Na zile 9 zilizolala zina upana wa 2400, umeziambia zibakishe upana wa 1080, kwaheri kitufe.

Lupu haikuruka kitu. Ilifanya kile uliiambia mara 412.

#8 mdosi_wa_stoki
Wueh. Hiyo ya 60 nimeipima saa hii kwa moja na ni 60 kamili. Nimejiona mjinga kidogo.

#9 Otis_wa_Ngara
Dawa ni `-shave 0x96`. Yenyewe inakata pikseli 96 bila kujali urefu wa picha, mimi huitumia kila siku kwa picha za simu tunazouza.

#10 nyanya_ya_teminali
#9 nusu umepatia. Ni kweli haijali urefu, lakini shave inanyoa pande zote mbili, juu na chini. Itamtolea mkanda na pia imtolee kichwa cha ukurasa.

#11 Otis_wa_Ngara
Mimi hupenda ikitoa juu, inaenda na saa na betri na jina la netiweki 😅 lakini sawa, kwa kitabu chake labda anataka kichwa.

#12 mdosi_wa_stoki
Nakitaka, kichwa ndicho kinasema uko ukurasa gani.

#13 nyanya_ya_teminali
Pimia chini, usipimie juu. Mkanda umeshikana na ukingo wa chini, so ofseti yako pia itoke huko:

```
convert "$f" -gravity South -chop 0x96 "../safi/$f"
```

South ndiyo inahamisha mahali pa kuanzia kuhesabu, ukiisahau chop itakula 96 za juu. Na hiyo 0 ya kwanza ni upana wa kutolewa, yaani hakuna. Kwa zile 287 na zile 61 hiyo inatosha, mradi mkanda ni 96 kwa simu zote. Je, ni 96 kwa zote? Usiamini macho kwa GIMP, chukua safu moja nyembamba ya pikseli uisome kama maandishi:

```
convert a.png -crop 1x30+20+2230 +repage txt:-
```

Hiyo ni ya simu ya 2340. Angalia ni mstari gani rangi inageuka, uongeze 2230.

#14 mdosi_wa_stoki
Imetoka mistari 30. Kutoka `0,0` hadi `0,12` ni nyeupe `#FFFFFF`, `0,13` ni `#F1F1F1`, alafu `0,14` inaruka kwa `#F57C00` na kuendelea. So mkanda unaanza 2244, na 2340 toa 2244 ni 96. Sawa basi. Lakini hiyo `#F1F1F1` ni ya nini?

#15 nyanya_ya_teminali
Kumbuka hiyo, tutairudia.

#16 shosho_wa_saiba
Hapo kwa kuruni mkiwa mnakata naomba niwape kisa changu. Niko na saiba mtaani, mteja akaniletea skrinshoti za risiti kama 90 za chama anataka kuprinti, juu ziko na tangazo. Mimi nikaambiwa na kijana mmoja `mogrify` ndio rahisi, haina lupu. Nikarun. Ikakata vizuri. Alafu stima ikapotea, ikarudi, sikukumbuka kama nilikuwa nimerun, nikarun tena. Mogrify inaandika juu ya faili yenyewe! Ikakata mara ya pili, saa hii ikala jina la mwanachama kwa kila risiti. Nakala sikuwa nayo. Mteja alirudi kuzituma upya kutoka kwa simu yake ya zamani na maneno alinipea siwezi andika hapa.

#17 Kaptein_Umoja
😂😂 chama bila majina, kila mtu amelipa

#18 nyanya_ya_teminali
#16 pole. Mogrify ukiipea `-path safi` inaweka kwa folda ingine na zile za kwanza hazigusi. Lupu ya mdosi iko salama juu inaandika kwa `../safi`, akirun mara 10 atapata jibu lilelile. Usiwahi kuweka folda ya safi ndani ya folda ya kazi ukitumia nyota tupu, `*` itaiokota nayo kama faili.

#19 mdosi_wa_stoki
Sawa. Zimebaki zile 38 na 17. Hizo ni JPEG, majina yao yanaanza "WhatsApp Image". Mmoja wa wafanyakazi alikuwa Githurai akanitumia kwa WhatsApp badala ya kuleta simu. Nimetoa 96 chini na sasa imekula hadi jumla ya pesa, ile laini ya mwisho kabisa.

#20 Otis_wa_Ngara
Hiyo ni juu WhatsApp inapunguza. Upande mrefu unashushwa hadi 1600. So weka `if` ya urefu: ukiona 1600 toa 64, juu 2400 kuja 1600 ni theluthi mbili, na theluthi mbili ya 96 ni 64. Imeisha hiyo.

#21 nyanya_ya_teminali
#20 hapo kwa 720x1600 umepatia kabisa. Lakini usiangalie urefu peke yake, hizi makundi mawili yote yana 1600 na hayakutoka kwa simu moja. 720x1600 ilikuwa 1080x2400. 738x1600 ilikuwa 1080x2340. Ya pili imepunguzwa kwa 1600 gawanya 2340, na 96 mara hiyo ni 65.6. Hakuna pikseli ya 0.6. Mstari mmoja wa pale mpakani ni nusu ukurasa nusu mkanda. Ukitoa 64 unabakisha uzi wa chungwa, ukitoa 65 unabakisha ule mchanganyiko, so toa 66 ukubali kupoteza kitu kama theluthi moja ya pikseli ya ukurasa. Na ndio maana lazima upana uingie kwa swali:

```
for f in *; do
  case $(identify -format '%wx%h' "$f") in
    1080x2400|1080x2340) n=96 ;;
    720x1600) n=64 ;;
    738x1600) n=66 ;;
    *) echo "RUKA $f"; continue ;;
  esac
  convert "$f" -gravity South -chop 0x$n "../safi/$f"
done
```

Hiyo ya RUKA usiitoe. Saizi usiyoijua isikatwe kwa kubahatisha, itajwe jina uiangalie mwenyewe.

#22 Otis_wa_Ngara
Sikuwa nimeona hiyo 738. Heko.

#23 pwani_si_kenya_ya_jana
Mimi niko na Windows, nimenakili laini ya `convert` ya #1 nikaweka kwa skrini nyeusi inaniambia `Invalid Parameter`. ImageMagick nimeinstoli.

#24 nyanya_ya_teminali
#23 Windows iko na `convert` yake ya tangu zamani, ya kugeuza diski iwe NTFS, ndiyo inakujibu. Andika `magick` mahali pa `convert`. Na hiyo lupu ni ya bash, haitaenda kwa hiyo skrini nyeusi.

#25 pwani_si_kenya_ya_jana
Ya kugeuza diski?? Na nimeirun mara 4??

#26 Kaptein_Umoja
Aga familia.

#27 nyanya_ya_teminali
Haijagusa kitu, imekataa maneno uliyoipea. Tulia.

#28 mdosi_wa_stoki
Narudi. Zimekatika 403, zile 9 zimerukwa na kutajwa. Nilizifungua hizo 9: 6 mkanda uko chini kwa upana wote, lakini 3 mkanda umesimama wima upande wa kulia, nafikiri simu iligeuzwa baada ya apu kuanza. Hizo nimezikata na mkono, ofseti gani itajua hiyo.

Kuangalia zingine sikufungua moja moja, nilitoa mistari 12 ya mwisho ya kila moja nikaipanga kama ngazi kwa picha moja ndefu:

```
convert ../safi/*.png -gravity South -crop 0x12+0+0 +repage -append ngazi.png
```

Chungwa ingebaki mahali ingepiga kelele. Za PNG ziko safi. Alafu nikafanya vilevile kwa JPEG, na hapa ndio sielewi. Zile 17 ziko sawa. Zile 38 za 720, ambazo hesabu yake ni kamili kabisa bila desimali, karibu zote ziko na uzi mwembamba wa pichi chini. Si chungwa, ni ka pichi, ni kama karatasi imeguswa na mtu amekula embe. Kwa skrini huwezi ona mpaka uvute karibu lakini kwa karatasi nyeupe naogopa utaonekana.

#29 Otis_wa_Ngara
Hiyo ni uchafu wa JPEG. JPEG inafanya kazi kwa bloku za 8 kwa 8, rangi ya mkanda inavuja kwa bloku ya jirani.

#30 nyanya_ya_teminali
Ningekubali lakini gawanya. 1600 toa 64 ni 1536. 1536 gawanya kwa 8 ni 192, na hata kwa 16 ni 96 bila salio. Mpaka wa mkanda umekaa juu ya mpaka wa bloku kamili. Bloku ya ukurasa haina pikseli hata moja ya mkanda ndani yake, uvujaji wa ndani ya bloku hauwezi kuvuka hapo. Kwa 738 ungekuwa umesema ukweli.

Mimi nashuku kupunguza kwenyewe. WhatsApp ikishusha 2400 hadi 1600 haichukui pikseli moja iache ingine, kila pikseli mpya inapikwa kutoka kwa majirani kadhaa wa juu na chini. Mstari wa mwisho wa ukurasa umeonja chungwa kabla hata JPEG ifike.

#31 mwalimu_wa_fizikia_mstaafu
Habari zenu vijana. #30 umesahau rangi. Katika JPEG za aina hii mwanga huhifadhiwa kamili lakini rangi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu. Programu inapofungua picha huitanua ile rangi, na wakati wa kuitanua huchanganya na jirani hata akiwa wa bloku ingine. Kwa hivyo chungwa linaweza kuvuka mpaka wa 1536 wakati wa kufungua, ingawa kwenye faili lenyewe halijavuka. Na ndiyo maana ni pichi na si kijivu, ni rangi tu imevuka, mwanga haukuvuka.

#32 nyanya_ya_teminali
Aki mwalimu hapo umenishika, nilisema hauwezi kuvuka, nilikuwa nafikiria mwanga tu. Na inapimika! `convert` inafungua picha yote kwanza ndio ikate, so inatanua rangi mkanda ukiwa bado uko. `jpegtran` haifungui, inatupa bloku zenyewe. Iko kwa paketi ya `libjpeg-turbo-progs`:

```
jpegtran -copy none -crop 720x1536+0+0 -outfile ../safi/b.jpg b.jpg
```

Ikikata hivyo, mkanda haupo wakati wa kutanua. Uzi ukipotea mwalimu ndiye mwenye haki, ukibaki ni mimi. Faida ingine, picha haisindiliwi mara ya pili, herufi ndogo zinabaki vile zilikuwa. Ile ya kuanza juu kushoto kwa bloku haikusumbui kwa sababu unaanza 0,0. Mtu anayekata mkanda wa juu ndiye atapata shida, jpegtran itasogeza mwanzo wake hadi mpaka wa bloku.

#33 shosho_wa_saiba
Sasa ningejua hiyo jpegtran ile siku ya chama

#34 mwalimu_wa_fizikia_mstaafu
#33 zako zilikuwa zishaliwa, hakuna programu ya kurudisha.

#35 mdosi_wa_stoki
Nimefanya kwa zote 38. Matokeo si ya mtu mmoja. Kwa 22 uzi umepotea kabisa. Kwa 16 umefifia lakini uko, na sasa ni rangi ya kijivu zaidi kuliko pichi.

#36 nyanya_ya_teminali
Basi ni zote mbili. Mwalimu amechukua pichi, mimi nimechukua kijivu.

#37 Otis_wa_Ngara
Na mbona 22 hazina kijivu kama WhatsApp ilizipunguza zote kwa njia moja? Ingekuwa kupunguza zote 38 zingekuwa nayo. Nyinyi rudini #14. Ile `#F1F1F1` juu ya mkanda, na hiyo ilikuwa PNG, haijaona WhatsApp. Apu inachora kivuli juu ya mkanda wake, pikseli moja. Kwa kurasa zingine kivuli hakionekani juu ukurasa unaisha na kijivu.

#38 mdosi_wa_stoki
Nimesoma safu ya pikseli kwa PNG 5 za simu ya 2400. Tatu ni nyeupe hadi 2303 ndio chungwa ianze, hakuna kivuli. Mbili ziko na `#F1F1F1` kwa 2303. Na hizo mbili ni za ukurasa wa orodha ya bidhaa.

#39 nyanya_ya_teminali
Basi si kivuli cha apu, ni laini ya programu yako wewe! Orodha ya bidhaa si huwa na kamstari kati ya bidhaa na bidhaa? Kametokea tu pale skrini inaishia.

#40 mdosi_wa_stoki
Kako, lakini kwa kodi ni `#E0E0E0`, nimeangalia saa hii. Si `#F1F1F1`.

#41 Otis_wa_Ngara
Kivuli.

#42 mwalimu_wa_fizikia_mstaafu
Au mstari wenye ukungu wa nusu, ukichanganya `#E0E0E0` na nyeupe kwa nusu unapata karibu `#F0F0F0`. Mstari wa pikseli moja ukiangukia katikati ya pikseli mbili hugawanyika hivyo. Ungeona nusu yake nyingine kwenye mstari wa chini, lakini huko kuna mkanda.

#43 Otis_wa_Ngara
Mwalimu, nusu ingine iko chini ya mkanda, hiyo ushahidi tutaitoa wapi sasa 😂

#44 Kaptein_Umoja
Watu wazima 4 wanabishana juu ya pikseli moja na mechi imeanza.

#45 mdosi_wa_stoki
Mimi nimeamua hivi, kwa zile 720 natoa 66 badala ya 64, kwa PNG natoa 98. Hakuna maandishi kwa hizo mistari mbili, niliangalia kwa ngazi. Kwa jpegtran naandika `720x1534+0+0` na `738x1534+0+0`, angalau sasa zote za WhatsApp ziko na urefu mmoja. Jamaa wa kuprinti wa River Road ameniambia mashine yake inakula milimita 3 kila upande ikikata karatasi, nikajiuliza hata nilikuwa nasumbukia nini.

#46 nyanya_ya_teminali
Milimita 3 ni za ukingo wa karatasi, si za picha iliyo katikati ya ukurasa. Umefanya vizuri kutoa 2. Sijui kama #42 ama #41 lakini nimeacha.

#47 wakili_bila_kofia
Nimerudi kusoma #1 pole pole. Sawa, nakubali ni skrini yako. Lakini masharti ya hiyo apu ya majaribio ulisoma? Kulipia leo kunahusu picha za jana?

#48 mdosi_wa_stoki
Niliwaandikia kabla sijaanza, wakasema ukishalipia ziko zako. Nimeweka hiyo barua pepe.

#49 pwani_si_kenya_ya_jana
`magick` imekubali kwa picha moja. Sasa nikiweka ile lupu ya #21 inasema `f was unexpected at this time.` F ni nini na ilitarajiwa saa ngapi?